"Mzigo mmoja umejirudia": namna ya kumwandikia mhasibu kwamba ankara yako ina kosa

Asubuhi ya 5 Novemba, nikiwa natunza vitabu vya mkandarasi mmoja hapa Lindi, niliingiwa na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa kijana wa mauzo wa duka la vifaa vya ujenzi la Mtwara mjini. Walikuwa wakituletea saruji kwenye ujenzi wetu wa Nyangao. Namba na kiasi nimebadilisha ili asitambulike, lakini maneno yalikuwa haya:

"Mambo dada. Samahani kuna kakosa kadogo kwenye ile invoisi ya saruji, mzigo mmoja umejirudia. Msilipe kwanza, nawatumia nyingine. Poleni kwa usumbufu."

Nataka nianze kwa kumtendea haki. Kijana huyu aligundua kosa mwenyewe na akasema kabla hatujalipa, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Hata hivyo niliusoma ujumbe mara tatu na sikupata kitu cha kufanya. Mezani nilikuwa na ankara tatu za duka lile za mwezi wa Oktoba, zote za saruji. Sikujua ni ipi, mzigo upi umejirudia, umejirudia kwa mifuko mingapi, wala deni letu sahihi ni shilingi ngapi. Nilichoweza kufanya ni kuzuia malipo ya ankara zote tatu, mbili kati yake zikiwa hazina kosa lolote, kisha kuanza kumpigia simu. Alikuwa njiani na mzigo, simu haikupatikana hadi mchana.

Kabla ya kuuandika upya ujumbe ule, ni vizuri kuona mhasibu anafanya nini na ankara. Ankara ikifika haiendi moja kwa moja kulipwa. Huwekwa pamoja na karatasi nyingine mbili. Ya kwanza ni LPO, yaani oda ambayo sisi tulitoa, inayoonyesha tuliagiza nini na kwa bei gani. Ya pili ni delivari noti, ile hati ambayo mtunza stoo wa Nyangao aliisaini mzigo ulipoteremshwa. Ankara ndiyo ya tatu. Karatasi hizi tatu zikikubaliana, malipo yanapita. Zisipokubaliana, faili linasimama. Kwa hiyo anayekiri kosa la ankara anatakiwa kumpa mhasibu vitu vya kuzifanya karatasi tatu zikubaliane tena, na ujumbe wa asubuhi ile haukuwa na hata kimoja.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Duka lilileta saruji kwa Fuso mara tatu, mifuko 200 kila safari, jumla mifuko 600. Delivari noti zake zilikuwa Na. 1181, 1182 na 1183. Ankara Na. 0412 ya 27 Oktoba ilidai mifuko 800, kwa delivari noti nne: hizo tatu na ya nne Na. 1188. Kitabu cha delivari noti kina kurasa za nakala, na ile ya chini kabisa hutoka hafifu, hasa dereva akiandika kwa kalamu isiyokandamiza huku amekiweka kitabu gotini. Nakala moja ya 1183 ilirudi dukani na dereva, nyingine ilitumwa kwa picha ya simu, na kwenye picha ile tarakimu 3 ya mwisho ilisomeka kama 8. Aliyeandaa ankara akaona namba mbili tofauti, akahesabu mizigo miwili. Ilitosha kulinganisha tarehe na namba ya gari: karatasi zote mbili zilikuwa za siku na saa ileile, gari moja, saini ileile ya stoo. Fuso haiwezi kwenda Nyangao na kurudi Mtwara kupakia tena ndani ya saa ileile.

Sasa turudi kwenye maneno, maana hapo ndipo Kiswahili chetu kinatusaidia kujificha bila sisi wenyewe kujua.

"Kuna kakosa kadogo." Kiambishi hiki cha ka- tunakitumia kupunguza ukali wa jambo, na kwenye mazungumzo kina adabu yake. Lakini kwa mhasibu ukubwa wa kosa ni tarakimu. Mifuko 200 iliyozidi, kwa Sh 16,000 kila mmoja kabla ya VAT, ni Sh 3,200,000. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, yaani Sh 576,000, unapata Sh 3,776,000. Aliyeambiwa "kadogo" akikuta kiasi hicho anajiuliza maneno mengine ya mwandishi huyu ayapime kwa mizani gani. Taja kiasi, ukubwa wake ataupima msomaji.

"Mzigo mmoja umejirudia." Mzigo haujirudii. Lugha yetu ina utajiri wa vitenzi vinavyomwondoa mtendaji: imekosewa, imechanganyika, imejirudia, imeruka, imepitiwa. Mtu akiandika hivyo si lazima awe anadanganya, mara nyingi ndivyo anavyoongea kila siku. Ila mhasibu anahitaji kujua kosa lilitokea kwenye hatua gani. Je, stoo ilisaini mara mbili? Dereva aliandika hati mbili? Au mwandaaji wa ankara ndiye aliyehesabu mara mbili? Majibu hayo matatu yananipeleka sehemu tatu tofauti. Likiwa la stoo, nampigia mtu wangu Nyangao na kukagua mizigo mingine aliyopokea. Likiwa la mwandaaji wa ankara, kumbukumbu zetu za stoo ziko salama na kinachorekebishwa ni karatasi ya dukani tu. "Nilihesabu delivari noti Na. 1183 mara mbili" inajibu swali hilo kwa maneno machache, na papo hapo inaonyesha nani anabeba kosa.

"Poleni kwa usumbufu." Pole huambiwa hata mtu aliyejikwaa kisiki mwenyewe. Inamhurumia aliyepatwa, haisemi nani amemsababishia. Samahani, au naomba radhi, ndiyo maneno ya mwenye kosa. Kijana wetu aliyatumia yote mawili, samahani mwanzoni na poleni mwishoni, na neno la mwisho ndilo linalobaki kichwani. Radhi moja, mahali pamoja, inatosha. Nimewahi kupokea ujumbe wenye samahani tano na hauna namba ya ankara.

Lakini sentensi iliyonitia hofu kuliko zote ni ile fupi: "nawatumia nyingine". Ankara nyingine ikija bila ya kwanza kufutwa kwa maandishi, kwenye vitabu vyetu duka linakuwa na madai mawili. Ya kwanza ni Sh 15,104,000 na ya pili Sh 11,328,000, jumla Sh 26,432,000, kwa saruji ileile ya mifuko 600. Mtu anayelipa anaweza asiwe yule aliyesoma WhatsApp. Mimi nikiwa likizo, mwenzangu anafungua faili, anakuta ankara mbili zenye namba tofauti na delivari noti zinazoonekana kamili, na anaweza kulipa zote. Hivi ndivyo malipo ya mara mbili yanavyotokea kwa watu waaminifu kabisa wa pande zote mbili.

Tena ankara ile ilikuwa imeshatolewa risiti ya EFD. Mauzo yakishapita kwenye mashine ya EFD, taarifa zake zimekwenda TRA na hazifutwi kwa kuchana karatasi. Kinachofanyika ni kutoa kredit noti, hati inayopunguza deni la ankara fulani kwa kiasi fulani na kwa sababu iliyoandikwa. Ankara ya zamani inabaki na namba yake, kredit noti inaegemea juu yake, na yeyote atakayefungua faili baada ya miaka mitatu anaona njia yote. Nakala ya risiti yenye kosa nayo inatunzwa pamoja na kredit noti.

Basi ujumbe ule, ukiandikwa na mtu anayelibeba kosa lake, ungekuja kwa barua pepe ukiwa hivi. Kichwa chake kingekuwa "Marekebisho ya ankara Na. 0412: imezidi kwa Sh 3,776,000", ili hata asiyefungua barua ajue asilipe. Na ndani:

"Habari za asubuhi dada.

Ankara yetu Na. 0412 ya 27 Oktoba, LPO yenu Na. 077, saruji ya Nyangao, imezidi kwa Sh 3,776,000 pamoja na VAT. Tafadhali msilipe kiasi kilichoandikwa.

Kosa ni langu. Nilisoma nakala hafifu ya delivari noti Na. 1183 kama Na. 1188, nikahesabu mzigo mmoja mara mbili. Delivari noti Na. 1188 haihusiani na mzigo wenu. Mlichopokea ni mifuko 600, siyo 800.

Ankara ilidai: mifuko 800 kwa Sh 16,000 ni Sh 12,800,000, VAT Sh 2,304,000, jumla Sh 15,104,000.
Sahihi ni: mifuko 600 kwa Sh 16,000 ni Sh 9,600,000, VAT Sh 1,728,000, jumla Sh 11,328,000.

Leo tumetoa kredit noti Na. 0029 ya Sh 3,776,000 dhidi ya ankara Na. 0412. Hatutatoa ankara nyingine. Nimeambatisha kredit noti na picha za delivari noti tatu zilizosainiwa na stoo yenu.

Nimekagua pia ankara zetu Na. 0398 na 0405 za mwezi huohuo kwa kulinganisha namba za gari na tarehe. Hizo ziko sawa, mnaweza kuendelea nazo.

Kama malipo yameshatoka, au VAT ya ankara hii imeshaingia kwenye ritani yenu ya Oktoba, naomba unijulishe ili turekebishe pamoja. Napatikana kwa namba ileile hadi saa 11 jioni. Naomba radhi kwa kazi ya ziada niliyowaongezea."

Salamu ipo, na "dada" ipo. Sioni sababu ya kuandika kama mashine ili uonekane wa kiofisi. Kama mhasibu ni mama wa makamo, shikamoo ndiyo mwanzo sahihi wa barua yake. Uzito wa barua hii umetoka kwingine: mambo yanayomwezesha mhasibu kusimamisha malipo yamekuja kwanza, na sababu imekuja baadaye kwa sentensi moja inayoweza kuhakikiwa. Nikichukua picha ya 1183 na kuitazama, nitaiona ile 3 iliyofifia. Ndiyo tofauti ya sababu na kisingizio. "Kulikuwa na kazi nyingi mwisho wa mwezi" inaweza kuwa kweli kabisa, lakini siwezi kuihakiki na hainionyeshi pa kuangalia.

Aya ya ankara 0398 na 0405 ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa sana. Mtu akiniambia amekosea ankara moja, kitu cha kwanza kinachonijia ni zile nyingine. Akiniambia amezikagua na kwa njia gani, naziachia zipite siku hiyohiyo. Hata dukani kwake inamfaa, maana hela za ankara mbili safi hazikai kusubiri kosa la ya tatu.

Kuhusu VAT, kwa nini aulize? Mnunuzi aliyesajiliwa anadai VAT aliyotozwa kwenye manunuzi yake kupitia ritani ya kila mwezi, na ritani ya Oktoba mwisho wake ni tarehe 20 Novemba. Ankara yenye kosa ilikuwa inaniruhusu kudai Sh 2,304,000, wakati haki yangu ilikuwa Sh 1,728,000. Taarifa imefika tarehe 5, nina wiki mbili za kupanga vizuri. Ingefika tarehe 25, ningekuwa nimeshadai Sh 576,000 zisizo zangu, na ningelazimika kuzirekebisha kwenye hesabu zangu na TRA kwa kosa la mtu mwingine. Upande wa duka nao ulikuwa umejitangazia mauzo na kodi zaidi ya ukweli. Tarehe ya kukiri kosa kwa hiyo ina thamani ya fedha, na ndiyo maana ujumbe unaochelewa siku tatu kwa sababu mwandishi anatafuta maneno mazuri ni mbaya kuliko ujumbe mkavu wa leo.

Hapo WhatsApp ina nafasi yake. Ukigundua kosa saa 2 asubuhi na hujajua kiasi, tuma palepale: "Dada, tafadhali zuieni malipo ya ankara yetu Na. 0412 ya 27 Oktoba. Nimeona kosa kwenye idadi ya mifuko, nahakiki. Nitawatumia kiasi sahihi kwa barua pepe kabla ya saa 8 mchana." Umezuia hasara, umetaja ankara moja tu, na umejifunga kwa saa. Usikisie kiasi. Kiasi cha kukisia kikija kubadilika, sasa una makosa mawili ya kueleza.

Kuna makosa ambayo kredit noti ya tofauti haitoshi. Ankara ikitoka kwa jina au TIN ya mteja mwingine, hakuna cha kupunguza. Ankara nzima inafutwa kwa kredit noti ya kiasi chake chote na nyingine inatolewa kwa mwenyewe. Ujumbe wake lazima utaje namba zote tatu kwa mpangilio: ankara iliyofutwa, kredit noti iliyoifuta, ankara mpya. Ikikosekana ya katikati, tunarudi kwenye hatari ya kulipa mara mbili.

Malipo yakiwa yameshatoka, neno linalokuja haraka mdomoni ni "tutakatana kwenye mzigo ujao". Kwa duka na fundi wa nyumba moja, sawa. Kwa mkandarasi si sawa, kwa sababu kila ujenzi una bajeti yake. Saruji ya Nyangao ililipwa kwa fedha za mradi wa Nyangao, na mzigo ujao unaweza kuwa wa Masasi. Tukikatana kimyakimya, Nyangao inabaki na gharama ya mifuko 200 isiyowahi kufika na Masasi inapata saruji nafuu isiyo na maelezo. Andika badala yake: "Mmetulipa zaidi kwa Sh 3,776,000. Tunaweza kuzirudisha kwenye akaunti yenu ndani ya siku 3 za kazi, au kuzikata kwenye ankara ijayo mtakayoitaja ninyi. Naomba mchague kwa maandishi." Uamuzi ni wa mwenye fedha.

Na fedha zikirudishwa, zirudi kwenye akaunti ileile zilikotoka. Barua ya marekebisho isibebe kabisa namba mpya ya akaunti ya benki, hata kama ni kweli duka limehamia benki nyingine wiki hiyo. Matapeli hutumia mbinu hiyohiyo: "ankara ya awali ilikuwa na kosa, lipeni kwenye akaunti hii". Mhasibu makini akiona marekebisho na akaunti mpya kwenye barua moja anasimamisha kila kitu na kupiga simu kwa namba aliyokuwa nayo zamani, siyo iliyo kwenye barua.

Kosa gumu zaidi kuliandika ni la upande wa pili, pale ulipotoza pungufu. Hapo unakiri na papo hapo unaomba pesa zaidi, na aibu inawafanya wengi waifiche tofauti kwenye ankara ya mwezi ujao. Nimekutana nayo: ankara ya mifuko 240 yenye delivari noti za mifuko 200. Karatasi tatu hazikukubaliana, faili likasimama, na duka likasubiri hata zile fedha ambazo hakuna aliyezibishia. Njia yake ni debit noti, hati inayoongeza deni kwenye ankara ya zamani, pamoja na ujumbe usiozunguka: "Kwenye ankara Na. 0391 niliwatoza mifuko 160, ilhali stoo yenu ilisaini mifuko 200 kwenye delivari noti Na. 1176. Tofauti ni mifuko 40, Sh 755,200 pamoja na VAT. Nimeambatisha debit noti na delivari noti. Kosa la kutoza pungufu ni langu, na natambua bajeti yenu ya mwezi imeshapangwa, hivyo mnaweza kuilipa tofauti hiyo pamoja na ankara ijayo."

Ahadi ya kwamba halitatokea tena siishauri, hakuna anayeweza kuitimiza. Kama kuna kilichobadilika, kitaje kwa udogo wake. Kijana wa Mtwara alikuja kunieleza kwa simu mchana ule kwamba tangu siku hiyo ankara ataiandaa kwa delivari noti halisi zenye saini, picha za simu zitabaki za kujulisha tu, na kila delivari noti ikishatozwa ataandika juu yake namba ya ankara kwa wino mwekundu. Nilimwomba anitumie hayo kwa barua pepe pamoja na kredit noti. Ilifika kabla ya saa 10 jioni. Mwisho wa Novemba taarifa ya hesabu ya duka ilipokuja, mistari ya ankara 0412 ilikuwa miwili, Sh 15,104,000 na chini yake Sh 3,776,000 ya kupunguza, na baki ilikuwa Sh 11,328,000, sawasawa na iliyokuwa kwenye kitabu changu.